Kutia mchuzi uzito kwa unga bila madonge wala ladha mbichi

Swali: "Kila nikitia unga kwenye mchuzi wa nyama ili uwe mzito, unatoa madonge. Nikikoroga sana yanapungua lakini hayaishi, na hata siku yanapoisha mchuzi unabaki na ladha ya unga mbichi. Nimejaribu unga wa ngano, nimejaribu kornflawa, shida ni ileile. Na mara nyingine mchuzi ulioshika vizuri jioni, asubuhi naukuta maji maji. Nakosea wapi?"

Jibu:

Madonge na ladha mbichi ni shida mbili, na kila moja ina wakati wake. Madonge hutokea katika sekunde chache za mwanzo, pale unga unapokutana na joto. Ladha mbichi huamuliwa baadaye, katika dakika zinazofuata baada ya mchuzi kuonekana umeshashika. Ndiyo maana kukoroga kwa nguvu kunakusaidia nusu tu: kunavunja baadhi ya madonge, lakini hakuivishi unga. Unachotakiwa kufanya ni kutenganisha chembe za unga kwa maji baridi au kwa mafuta kabla hazijaingia kwenye mchuzi wa moto, kisha kuupa unga uliotumia muda wake wa kuiva. Kornflawa inataka dakika 1 hadi 2 za kutokota. Unga wa ngano uliokaangwa kwanza unataka dakika 10 hadi 15. Unga wa ngano ambao haukukaangwa unataka 15 hadi 20.

Chukua donge moja kutoka kwenye mchuzi ulioharibika, ulipasue kwa ncha ya kijiko. Nje lina ngozi laini, inayonata na kung'aa kidogo. Ndani utakuta unga mkavu, mweupe vilevile ulivyotoka kwenye pakiti. Wanga ulio ndani ya unga umo katika chembe ndogo mno, ambazo kwenye maji baridi hukaa bila kubadilika. Joto likifika nyuzi 60 hivi (ngano hutangulia kidogo, mahindi hufuata), chembe hizo zinaanza kunyonya maji, zinavimba na kunata. Ukitupa kijiko cha unga mkavu kwenye mchuzi unaochemka, chembe za nje zinavimba papo hapo na kushikana, na maji hayapati tena njia ya kuingia. Unga wa katikati unabaki mkavu hata ukichemsha nusu saa. Donge hilo likipasuka mdomoni, unachoonja ni unga ambao haujapikwa kabisa. Kwa hiyo sehemu ya ile ladha mbichi unayoilalamikia inatokana na madonge yenyewe, hata yale madogo ambayo jicho haliyaoni.

Kuna kosa ambalo watu wengi hulifanya wakidhani wanajikinga: wanachota mchuzi wa moto kutoka kwenye sufuria na kuuchanganya na unga kwenye bakuli pembeni. Hapo madonge yamehamishwa tu kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye bakuli, kwa sababu mchuzi huo una joto la kutosha kuvimbisha wanga. Maji ya kuchanganyia yawe baridi, au ya joto la kawaida la jikoni. Supu unaweza kuitumia badala ya maji, ili mradi imepoa kabisa.

Sasa tuangalie tofauti ya unga wenyewe, maana kuuchukulia kornflawa na ngano kama kitu kimoja ndiko kunakoleta majibu mabaya kwa zote mbili. Kornflawa ni wanga mtupu uliotolewa kwenye mahindi. Ni nyeupe, laini sana, na ukiibana katikati ya vidole inalia kidogo. Usiichanganye na unga wa mahindi wa kawaida, ambao ni punje zima au lililokobolewa likasagwa. Huo una chengachenga na mchuzi wake hauwezi kulainika. Unga wa ngano una wanga kiasi cha robo tatu tu, na kinachobaki ni protini na vitu vingine. Ndiyo sababu kijiko kimoja cha kornflawa kinafanya kazi ya vijiko viwili vya ngano. Ndiyo sababu pia ngano ina harufu na ladha ya nafaka ambayo lazima uiondoe kwa kukaanga au kwa kutokota muda mrefu, wakati kornflawa ikishavimba sawasawa haina mengi ya kuondoa. Mchuzi wa kornflawa unang'aa na unaona ndani yake. Wa ngano unakuwa na rangi iliyofifia kama uliotiwa maziwa, na mdomoni unakaa mzito na laini zaidi.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: kwa kila mililita 250 za mchuzi, yaani kikombe kimoja, tumia kijiko 1 cha chakula cha kornflawa au vijiko 2 vya unga wa ngano. Ninasema kijiko kilichosawazishwa juu kwa kisu, ambacho kina gramu 8 hivi kwa unga wowote kati ya hizo mbili. Kijiko kilichojaa kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya hapo, na hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapopotea. Kipimo hicho kinatoa mchuzi wa uzito wa kati, unaofunika mgongo wa kijiko. Ukitaka mwepesi, tumia nusu yake.

Tuchukue sufuria ya nyama iliyokwisha iva, ambayo mchuzi wake ni mwingi na mwepesi. Kwanza jua una mchuzi kiasi gani. Kukadiria kwa macho kukiwa na nyama na viazi ndani kunadanganya sana, kwa sababu vipande vinapandisha kina cha mchuzi. Inamisha sufuria, uchote maji yake kwa upawa uyatie kwenye jagi au kikombe cha kupimia, uone, kisha uyarudishe. Tuseme umepata mililita 750. Kabla hujaendelea, engua mafuta yaliyoelea juu kama ni mengi. Wanga unashika maji, haushiki mafuta, na mafuta yakizidi yatabaki yakielea juu ya mchuzi mzito yakiufanya uonekane umekatika.

Kwa kornflawa, mililita 750 zinataka vijiko 3. Viweke kwenye bakuli dogo, utie vijiko 6 vya maji baridi. Koroga kwa uma polepole, ukifika mpaka chini. Kornflawa iliyolowana ina tabia ya ajabu: ukikoroga haraka inakaza na kushika uma, ukipunguza mwendo inalegea na kutiririka. Ikikaza usidhani ni donge. Punguza mwendo, na ikiendelea kukaza ongeza kijiko kimoja cha maji. Ukimaliza utapata kitu cheupe, chepesi kama maziwa, ambacho hakina chembe yoyote ukikipitisha kwenye kijiko. Kiache dakika 3 hivi na utaona kornflawa yote imezama chini, ikawa tope gumu, na juu kuna maji tu. Hili ndilo linalowatesa wanaochanganya mapema na kuacha: wanamimina maji ya juu, mchuzi haushiki, kisha tope la chini linaanguka lote kwa mkupuo na kuwa bonge. Koroga tena hadi chini, sekunde chache kabla ya kumimina.

Mchuzi uwe unatokota kwa moto wa wastani, si wa kuruka nje ya sufuria. Sukuma nyama pembeni upate nafasi ya kukoroga. Mkono mmoja ukoroge bila kusimama kwa mwiko au mchapo, mwingine umimine kwa mtiririko mwembamba, kwenye sehemu ile inayokorogwa na si kando ya sufuria. Mimina theluthi mbili tu, uache theluthi moja kwenye bakuli. Sasa subiri. Baridi ya maji uliyotia imeshusha joto la mchuzi, na itachukua muda kidogo kurudi kutokota. Wakati huo mchuzi utakuwa umefifia, una weupe wa chaki, na bado ni mwepesi. Hapa ndipo mkono wa haraka unapoharibu. Mtu anaona haujashika, anatia theluthi iliyobaki, kisha anaongeza na kijiko kingine. Dakika mbili baadaye yote yanavimba kwa pamoja na mwiko unasimama wenyewe.

Kornflawa huanza kuvimba chini ya joto la kuchemka, lakini nguvu yake yote inatoka karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo usihukumu uzito wala ladha kabla mapovu hayajarudi. Mapovu yakirudi, utayaona yamebadilika: badala ya madogo na ya haraka, yanakuwa makubwa, yanapanda polepole na kupasuka kwa kishindo kidogo. Ule weupe wa chaki unaondoka na mchuzi unaanza kung'aa. Kuanzia hapo hesabu dakika 1, isizidi 2, ukikoroga taratibu hadi chini. Sasa onja. Kama uzito hautoshi, koroga ile theluthi iliyobaki, uitie kidogo, na urudie kusubiri mapovu na dakika moja yake. Mchuzi unaotoka na nyanya au vitunguu vilivyolainika ndani yake una uzito wake tayari, na mara nyingi hutaihitaji ile theluthi ya mwisho.

Zima moto ukiwa na mchuzi mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani. Unavyopoa unaendelea kukaza, na tofauti ya sufuria inayotokota na sahani iliyokaa dakika 10 ni kubwa. Chovya kijiko, kigeuze, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila mchuzi kuufunika, uzito ni wa kati na unatosha.

Kwa unga wa ngano mimi ninapendelea njia ya kukaanga kwenye mafuta, kwa sababu inaondoa madonge na ladha mbichi kwa wakati mmoja. Mafuta yanazunguka kila chembe ya unga na kuitenga na mwenzake, kwa hiyo mchuzi ukiingia kila chembe inavimba peke yake. Joto la mafuta nalo, ambalo ni kubwa kuliko la maji yanayochemka, linakausha ile harufu ya nafaka mbichi na kuleta ya unga uliookwa.

Kwa mililita zilezile 750, chukua vijiko 6 vya unga, ambavyo ni gramu 48 hivi, na mafuta au siagi ya uzito uleule au unaokaribia, yaani vijiko 3 na nusu. Uzito sawa wa unga na mafuta ndio msingi. Mafuta yakipungua sana, unga unakuwa chenga kavu zinazoungua kabla hazijakaangika. Yakizidi, yatapanda juu ya mchuzi baadaye. Unaweza kutumia yale mafuta uliyoyaengua kwenye nyama, ukihakikisha hayana supu ndani yake, maana maji yatavimbisha unga kabla ya wakati.

Pasha mafuta kwa moto wa chini hadi wastani kwenye sufuria nyingine. Yakipata joto, tia unga wote na ukoroge mara moja hadi uwe kinyunya laini. Utaona unavuta mapovu madogo na kuwa kama mchanga uliolowa. Dakika ya kwanza harufu yake ni ya unga tu. Kati ya dakika ya 2 na ya 3 harufu inabadilika, inakuwa ya mkate unaotoka kwenye tanuri, na mchanganyiko unalegea kidogo huku rangi yake ikiwa bado njano hafifu. Kwa mchuzi wa rangi nyeupe au ya dhahabu, simama hapo. Ukitaka mchuzi wa kahawia wenye ladha ya ndani zaidi, endelea kwa moto mdogo dakika 8 hadi 15 mpaka ufike rangi ya karanga zilizokaangwa, bila kuacha kukoroga. Ujue tu kwamba joto hilo linavunja sehemu ya wanga, na unga wa kahawia unatia uzito pungufu kuliko ule wa njano. Ukiufikisha hapo, anza na vijiko 8 badala ya 6. Ukiona vidoadoa vyeusi, unga umeungua. Mwaga uanze upya, kwa sababu uchungu wake hauondoki kwa kitu chochote.

Sasa mchuzi unaingia, na mwanzo wake ndio muhimu. Ondoa sufuria ya unga motoni kwa nusu dakika. Mimina mililita 100 tu za mchuzi uliopoa kiasi, ukoroge kwa nguvu. Utakaza mara moja ukawa kinyunya kigumu kinachojitenga na kuta za sufuria, na wengi huogopa wakidhani wameharibu. Endelea kukanda kwa mwiko mpaka kisiwe na hata punje moja, kwa sababu kinyunya kigumu kinavunja madonge chenyewe kwa msuguano, kazi ambayo mchuzi mwepesi hauwezi. Kikishalainika, tia mililita 100 nyingine, ulainishe tena, kisha ndipo umimine iliyobaki kwa mafungu makubwa. Ukimwaga mchuzi wote kwa pamoja juu ya unga wa moto, vipande vya kinyunya vinakatika na kuelea, na hapo umerudi kwenye madonge. Mchuzi si lazima uwe baridi katika njia hii, kwa kuwa mafuta yameshafanya kazi ya kutenganisha. Vuguvugu inatosha, na hupunguza muda wa kusubiri.

Rudisha motoni, ukoroge hadi uchemke, kisha punguza moto ubaki na mapovu machache. Hesabu dakika 10 hadi 15. Pitisha mwiko chini na kwenye pembe za sufuria kila baada ya dakika mbili, maana mchuzi mzito unashika chini kirahisi. Mwishoni uchanganye na nyama yako.

Ukionja dakika ya 3 baada ya kuchemka, utashangaa: mchuzi ni mzito kabisa, lakini ulimini unaacha unga. Nadhani ndipo unapozima moto. Uzito unakuja mapema, ladha inafuata nyuma sana. Kipimo changu ni kubana mchuzi kidogo kati ya ulimi na kaakaa, kisha kumeza. Kama kuna kitu kinachobaki kikavu kama vumbi juu ya ulimi, bado haujaiva. Kama ulimi unabaki laini na kinachobaki ni ladha ya nyama na viungo, umeiva. Onja dakika ya 5, ya 10 na ya 15 mara moja tu uone tofauti hiyo, na baada ya hapo hutahitaji saa.

Kuna ladha nyingine inayofanana na ubichi lakini siyo: mchuzi uliozidishwa unga. Wanga mwingi unafunika chumvi na viungo, kila kitu kinaonja bapa. Kutokota zaidi hakusaidii hapo. Kinachosaidia ni kuongeza supu ya moto na kurekebisha chumvi. Kwa sababu hiyohiyo, chumvi ya mwisho itiwe baada ya mchuzi kushika, si kabla.

Kama unga wa ngano unautumia bila kukaanga, kwa mfano mchuzi umeshaiva na hutaki mafuta zaidi, weka vijiko 2 vya unga kwenye bakuli, utie kijiko 1 cha maji baridi na ukorogee hadi uwe kinyunya laini, kisha ongeza maji kidogo kidogo yafike mililita 60. Ukianza na maji mengi kwa mara moja, unga wa ngano unaelea kwa vifundo ambavyo haviachani. Pitisha kwenye chujio la chai, umimine kwa mtindo uleule wa kornflawa, kisha upe dakika zake 15 hadi 20 za moto mdogo. Kiasi hicho kinatosha mililita 250. Na kama mchuzi uliokwisha iva unakosa uzito kidogo tu, kanda siagi laini na unga kwa uzito sawa, ukate vipande vya ukubwa wa harage, utie kimoja kimoja ukikoroga. Siagi inayeyuka polepole na kuachia unga taratibu. Huo nao upe dakika 5 hadi 10 kabla ya kuzima.

Tuje kwenye mchuzi wa asubuhi. Mkosaji wa kwanza anaweza kuwa kijiko cha kuonjea. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, na kijiko kilichopita mdomoni kikirudi kwenye sufuria yenye uvuguvugu, kinafanya kazi usiku kucha. Chota mchuzi kwa upawa, utie kwenye kijiko kingine, uonje hicho, na kisirudi. Mabaki ya kwenye sahani za watu nayo yasirudishwe sufuriani.

Mkosaji wa pili ni asidi pamoja na moto mrefu. Ndimu, siki na nyanya nyingi zinavunja wanga zikichemshwa nao, na kornflawa huumia kuliko ngano. Ndimu na siki zitie baada ya kuzima moto. Nyanya zipikwe mpaka ziive kabla ya kornflawa kuingia, ili baada ya hapo usiwe na sababu ya kuendelea kuchemsha. Hata bila asidi, kornflawa haivumilii kutokota kwa muda mrefu wala kupigwa kwa mchapo baada ya kushika: chembe zilizovimba zinapasuka na mchuzi unarudi kuwa mwepesi. Mchuzi unaotaka kukaa motoni saa nzima, ufanye wa ngano.

Wa tatu ni baridi yenyewe. Wanga uliokaa kwenye friji unajikaza na kukamua maji yake, kwa hiyo unaona kimiminika kimejitenga juu ya mchuzi ulioganda. Huo haujaharibika. Upashe taratibu ukikoroga polepole na mwingi wake utashikana tena. Mchuzi uliogandishwa kwenye friza hutoa maji zaidi, na wa kornflawa au wa ngano aghalabu haurudi ulivyokuwa. Ukijua utaugandisha, ugandishe kabla ya kutia unga, na uutie uzito siku ya kula.

Kujua ni yupi kati ya hao, angalia kilichopo sufuriani. Ukikuta maji yamejitenga na chini kuna mchuzi ulioganda, ni baridi. Ukikuta wote ni mwepesi kwa usawa, wanga umekatwa, na kuchemsha tena hakutaurudisha. Chemsha kwanza hadi utokote ili kuua kazi ya mate, kisha tengeneza kornflawa mpya: kijiko kimoja na maji vijiko viwili kwa kila kikombe, ukianza na nusu yake.

Madonge yakishatokea, usiyafukuze kwa mwiko. Toa nyama na mboga kwa kijiko chenye matundu, upitishe mchuzi kwenye chujio juu ya bakuli, na uyaache madonge yabaki juu yake bila kuyakamua kwa nguvu. Ukiyakamua, unasukuma unga mbichi wa ndani kurudi kwenye mchuzi. Unga uliobaki kwenye chujio ni uzito uliopoteza, kwa hiyo tarajia mchuzi mwepesi kuliko ulivyopanga, na uongeze kidogo kwa njia ya maji baridi. Blenda inaweza kuokoa mchuzi wa ngano: jaza jagi lisizidi nusu, acha kifuniko cha juu wazi kidogo kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa ili mvuke utoke, saga sekunde 20, kisha uurudishe motoni dakika 10, kwa kuwa unga uliokuwa umefichwa ndani ya madonge ndiyo kwanza unaanza kupikwa. Wa kornflawa usiutie kwenye blenda, utatoka laini lakini mwepesi.